Sura tano zisizojuana: kuutafuta uzi wa tasnifu wakati data zimeshakusanywa

*Shikamoo Mwalimu. Nafundisha sekondari hapa Tanzania na ninamalizia tasnifu ya umahiri kuhusu walimu wa Baiolojia wanaobadili msimbo kati ya Kiingereza na Kiswahili, kidato cha kwanza. Nilikaa kwenye vipindi 12 nikavirekodi, nikawahoji walimu 6, na wanafunzi 120 wakajaza hojaji. Sura zote tano zimekamilika, ila msimamizi amenirudishia na kuandika juu yake: "Uzi umekatika. Sura ya kwanza na ya tano si za mtafiti mmoja." Nimesoma upya mara tatu, kila sura naiona iko sawa. Uzi wenyewe ni upi, na nautafutaje sasa, wakati siwezi kurudi uwandani? Nimeambatisha tasnifu nzima, pamoja na hojaji na mwongozo wa mahojiano.*

Marahaba, mwalimu mwenzangu. Msimamizi wako ana haki, na wewe pia hujakosea kusema kila sura iko sawa. Zote mbili ni kweli kwa wakati mmoja, na ndiyo maana umesoma mara tatu bila kuona kitu. Umezisoma sura zako kwa mfuatano, kila moja ukiipima kwa vigezo vyake: je, mapitio yana machapisho ya kutosha, je, sampuli imeelezwa, je, majedwali yana namba. Usomaji huo hauonyeshi uzi. Uzi huonekana unapochukua swali moja tu, ukayaacha mengine yote, ukalifuata tangu pale lilipotajwa mara ya kwanza hadi kwenye sentensi inayolijibu sura ya tano.

Watahini wengi husoma hivyo, na mimi nikiwemo. Tasnifu ikifika mezani kwangu nasoma ikisiri, nafungua ukurasa wa maswali, kisha naruka hadi hitimisho. Nikikuta hitimisho linajibu jambo ambalo halikuulizwa, narudi nyuma ukurasa kwa ukurasa kutafuta palipokatika. Za kwako nimezisoma hivyohivyo, na imenichukua dakika chache kufika mahali penyewe. Ni swali lako la tatu.

Umeliandika hivi: "Kubadili msimbo kuna athari gani katika ufaulu wa wanafunzi?" Swali fupi, linaeleweka, na kwa hakika ndilo lililokufanya uchague mada hii. Lakini lina maneno mawili yanayokuwekea deni. La kwanza ni "athari". Ukisema jambo hili lina athari kwa lile, unadaiwa uonyeshe kwamba bila hili, lile lingekuwa tofauti. La pili ni "ufaulu", yaani alama anazopata mwanafunzi kwenye mtihani au jaribio. Kwa hiyo sura ya kwanza imemwahidi msomaji vitu viwili: alama, na ulinganisho.

Sasa tulifuate. Sura ya tatu inasema swali hili litajibiwa kwa hojaji. Nikaifungua hojaji. Kipengele kinacholihusu ni kile cha tisa, "Mwalimu akichanganya Kiswahili na Kiingereza naelewa somo vizuri zaidi," na mwanafunzi anachagua kuanzia "nakubali kabisa" hadi "sikubali kabisa". Sura ya nne inasema wanafunzi 91 kati ya 120 walikubali au walikubali kabisa. Sura ya tano inaandika: "Utafiti huu umethibitisha kuwa kubadili msimbo kunainua ufaulu wa somo la Baiolojia." Kisha pendekezo: serikali ifanye Kiswahili kuwa lugha ya kufundishia sekondari.

Angalia jina la kitu kinachochunguzwa linavyobadilika njiani. Kilianza kama ufaulu. Kilipofika kwenye hojaji kikawa kuelewa. Kwenye jedwali kikawa idadi ya waliokubali kwamba wanaelewa, ambalo ni jambo jingine tena. Kilipofika sura ya tano kikarudi kuwa ufaulu, kana kwamba hakikuwahi kutoka. Ukisoma sura moja moja huwezi kuliona badiliko hilo, maana ndani ya kila sura neno linakaa vizuri na majirani zake.

Kwa mada yako, tofauti ya maneno hayo si ya kujipendekeza kwa mtahini. Mwanafunzi wako ametoka shule ya msingi alikofundishwa kwa Kiswahili, na sasa Baiolojia yake yote iko kwa Kiingereza, ukiwemo Upimaji wa Kitaifa wa Kidato cha Pili utakaomfikia mwaka unaofuata. Anaweza kuelewa usanisinuru barabara mwalimu anapoueleza kwa Kiswahili, na bado akashindwa kuuandika kwenye karatasi ya mtihani kwa sababu hana maneno ya Kiingereza ya kuuelezea. Uelewa umepanda, alama hazikupanda. Inawezekana pia kinyume chake: amekariri sentensi za Kiingereza, akapata alama, na hajaelewa kitu. Wewe unafundisha, umewaona wote wawili. Ndiyo maana katika utafiti huu hasa, kuliweka neno "ufaulu" mahali pa "uelewa" ni kuruka juu ya tatizo lenyewe ulilokwenda kulichunguza.

Ungetaka kulijibu swali la athari kama lilivyo, ungehitaji angalau mikondo miwili inayofanana, mada ileile, na ikiwezekana mwalimu yuleyule, akibadili msimbo kwenye mkondo mmoja na kujizuia kwenye mwingine, pamoja na jaribio kabla ya mada na jaribio baada yake. Hata hapo ungebaki na kazi ya kueleza jaribio liliandikwa kwa lugha gani na kwa nini. Huo ni utafiti mwingine. Wewe hukuufanya, na hojaji haiwezi kugeuzwa kuwa jaribio kwa kuongezewa aya mbili za maelezo.

Una njia mbili, kurudi uwandani au kulirudisha swali mahali ambapo data zako zinafika. Ya kwanza umesema huiwezi, basi imebaki ya pili. Hapa wanafunzi wengi huogopa, wakidhani kugusa swali mwishoni ni udanganyifu. Nitalirudia hilo baadaye, maana lina mpaka wake. Kwa sasa tazama swali linavyoweza kusomeka: "Wanafunzi wanaelezaje mchango wa kubadili msimbo katika kuelewa kwao somo?" Kipengele cha tisa kinalijibu, na yale maelezo mafupi waliyoandika wanafunzi mwishoni mwa hojaji yanalijibu vizuri zaidi. (Umeyatumia mara moja tu katika sura ya nne nzima. Mwanafunzi aliyeandika kwamba Kiswahili kinamsaidia "mpaka mtihani unapokuja" amekupa sentensi yenye thamani kuliko jedwali zima la asilimia.)

Lakini ukilirekebisha hivyo utagundua limekuwa karibu sawa na swali lako la pili, lile la mtazamo wa wanafunzi. Usishtuke. Maana yake ulikuwa na maswali mawili tangu mwanzo, na la tatu lilikuwepo kwa jina tu. Yaunganishe. Hakuna kanuni inayosema tasnifu ya umahiri sharti iwe na maswali matatu. Watu huyafanya matatu kwa sababu waliowatangulia walifanya matatu.

Kisha tazama upande wa pili wa kukatika kwa uzi, ambao ni kinyume cha huu. Swali la tatu lilikuwa swali lisilo na data. Una pia data zisizo na swali. Yale mahojiano na walimu 6 yalikuwa yanajibu nini? Nimeyatafuta. Swali la kwanza linauliza walimu hubadili msimbo katika mazingira gani darasani, na hilo linajibiwa na rekodi za vipindi. Swali la pili ni la wanafunzi. Kwenye mwongozo wako wa mahojiano umewauliza walimu kwa nini wanabadili, na hakuna swali la utafiti linalouliza kwa nini. Niliwahi kukaa kwenye utetezi ambapo mtahini wa nje aliuliza jambo hilohilo kwa sauti ya upole kabisa: "Haya mahojiano yalikuwa ya swali la ngapi?" Mtahiniwa alifungua kurasa kwa muda mrefu kabla ya kusema kwamba yalikuwa ya kuongezea.

Hapa ndipo bahati yako ilipo, maana kiti cha swali la tatu kimebaki wazi na una data zinazotafuta pa kukaa. Swali jipya linaweza kuwa: "Walimu wanatoa sababu gani za kubadili msimbo, na sababu hizo zinalinganaje na yanayotokea darasani?" Hili hukulibuni ili kupamba. Ulilipeleka uwandani mwenyewe, ukauliza watu sita, ukaandika majibu. Ulisahau tu kuliandika kwenye sura ya kwanza.

Na tazama linavyofungua. Jedwali lako la ushuhudiaji linaonyesha ulihesabu mabadiliko 214 katika vipindi 12. Kati ya hayo 88 yalikuwa ya kufafanua dhana, 71 ya kuendesha darasa ("nani huyo anaongea nyuma?", "fungueni madaftari"), 35 ya kuhakiki kama wameelewa, na 20 ya mambo mengine. Upande wa mahojiano, walimu wote 6 walisema wanabadili ili mwanafunzi aelewe dhana ngumu, na mmoja tu akagusia nidhamu. Kwa hiyo karibu theluthi ya mabadiliko uliyoyarekodi ni kazi ambayo walimu watano kati ya sita hawakuitaja. Huo ndio ugunduzi wako, mwalimu. Uko ndani ya sura ya nne tayari, lakini nusu yake iko ukurasa wa 58 na nusu nyingine ukurasa wa 71, na hakuna mahali popote nusu hizo mbili zimekutana.

Hazikukutana kwa sababu ya vichwa vya sura ya nne. Umevipanga kwa vyombo: "Matokeo ya ushuhudiaji," "Matokeo ya hojaji," "Matokeo ya mahojiano." Nikiona mpangilio huo huwa najua bila kusoma zaidi kwamba uzi umelegea, kwa sababu unamsimulia msomaji ulichokibeba kwenye mkoba badala ya ulichokitafuta. Panga sura hiyo kwa maswali. Chini ya swali la kwanza, weka rekodi. Chini ya swali la walimu, weka mahojiano pamoja na jedwali la ushuhudiaji, bega kwa bega. Ndipo utalazimika kuandika aya ambayo sasa haipo: kwa nini wanayosema na wanayofanya hayalingani? Inawezekana kuelekeza darasa kwa Kiswahili kumekuwa mazoea kiasi kwamba hawakuhesabu kama kubadili msimbo. Inawezekana pia walimu walikujibu jibu wanalojua linakubalika. Rekodi zako zinaweza kukusaidia kupima hilo la kwanza: je, amri hizo hutoka kwa Kiswahili hata pale mwalimu alipokuwa katikati ya sentensi ya Kiingereza?

Hilo linatupeleka sura ya pili, ambako uzi umekatika bila mtu kuona. Umetumia nadharia ya Carol Myers-Scotton, ile inayosema kwamba kila msimbo anaouchagua mzungumzaji hubeba ujumbe kuhusu haki na wajibu uliopo kati yake na anayezungumza naye. Chaguo zuri, tena lenye asili ya huku kwetu, maana sehemu kubwa ya data alizoijengea zilitoka Nairobi. Umeeleza aina nne za ubadilishaji anazozitofautisha: ule unaofuata mabadiliko ya hali, ule ambao kuchanganya kwenyewe ndiyo kawaida ya wazungumzaji hao, ule wa kuvunja kawaida kwa makusudi, na ule wa kupapasa pale ambapo kawaida haijulikani. Kurasa sita, maelezo safi. Kisha sura ya nne inaainisha data kwa kufafanua, kuendesha, kuhakiki na mengineyo, na zile aina nne hazionekani tena hadi zinapotajwa kwenye aya moja ya sura ya tano kuwa "zimethibitishwa".

Nadharia ambayo haikutumika kuchambua haiwezi kuthibitishwa wala kukanushwa. Huna haja ya kuiondoa. Chukua mabadiliko yako na uyapitishe tena kwenye zile aina, walau kwa vipindi vichache unavyovijua vizuri. Mwalimu anayesema "nani huyo anaongea nyuma?" katikati ya maelezo ya Kiingereza, je, hali imebadilika, yaani ametoka kwenye kufundisha na kuingia kwenye kulea? Au darasa hilo kawaida yake ni mchanganyiko, na hakuna ujumbe wowote wa pekee pale? Jibu la swali hilo ndilo litakalokueleza kwa nini walimu hawakuzitaja amri zao: jambo lililo kawaida huwa halionekani kwa anayelifanya. Hapo sura ya pili, ya nne na ya tano zitakuwa zimeshikana. Ukiona muda hautoshi, basi punguza kurasa sita ziwe mbili na useme nadharia imekupa mtazamo wa jumla tu. Ni dhaifu zaidi, lakini ni kweli.

Kwenye sura hiyohiyo, pengo la utafiti umelieleza kwa kusema hakuna aliyefanya utafiti huu wilayani kwako. Karibu kila tasnifu ninayoipokea ina sentensi hiyo. Wilaya si pengo, isipokuwa kuna kitu cha wilaya hiyo kinachoweza kubadilisha jibu, kwa mfano wanafunzi ambao hata Kiswahili si lugha yao ya nyumbani. Pengo lako halisi sasa linaonekana: tafiti ulizozipitia zimeuliza ama walimu wanasema nini ama darasani kunatokea nini, na wewe umevipata vyote viwili kwa walimu walewale. Hakikisha tu kwamba ndivyo mapitio yako yanavyoonyesha. Ukikuta mmoja kati ya uliowasoma alifanya vyote viwili, mtaje na useme wewe unaongeza nini.

Sasa maneno. Fungua faili lako, bonyeza Ctrl+F, utafute "ufaulu". Mimi nimeipata kwenye jina la tasnifu, lengo kuu, umuhimu wa utafiti, hitimisho na ikisiri, na sijaipata hata mara moja kwenye sura ya nne. Kila mahali ilipo, jiulize kama ni uelewa, ni mtazamo, au ni alama kweli. Kisha utafute "kuchanganya". Sura ya kwanza umetofautisha kubadili msimbo na kuchanganya msimbo, la kwanza likiwa kati ya sentensi na la pili ndani ya sentensi moja. Lakini hojaji inawauliza wanafunzi kuhusu "kuchanganya", na jedwali la ushuhudiaji limehesabu yote pamoja. Njia rahisi ni kusema tangu sura ya kwanza kwamba katika utafiti huu kubadili msimbo kunajumuisha yote mawili, na kwamba hojaji ilitumia neno wanalolijua wanafunzi. Usilete tofauti ambayo huna mpango wa kuitumia.

Sura ya tano itakuwa fupi kuliko ilivyo, na iache iwe fupi. Unachohitaji kutenganisha ni matokeo, hitimisho na mapendekezo, ambavyo umevichanganya kwenye aya moja. Matokeo ni kwamba mabadiliko 71 kati ya 214 yalikuwa ya kuendesha darasa na walimu watano hawakuyataja. Hitimisho ni maana yake kwa swali lako: kwa walimu hawa, kubadili msimbo kunafanya kazi pana kuliko sababu wanayoitoa. Pendekezo ni nini kifanyike na nani, kwa kuegemea hilo. Lile pendekezo la kubadili lugha ya kufundishia linaweza kuwa sahihi kabisa kama msimamo wako wa raia na mwalimu, ila tasnifu hii haina ushahidi wake. Lenye ushahidi ni pendekezo dogo zaidi: amri na maelekezo ya darasani ni maneno machache yanayorudiwa kila siku, kwa hiyo ndiyo Kiingereza ambacho mwanafunzi wa kidato cha kwanza anaweza kukizoea mapema, walimu wangeweza kuyasema kwa Kiingereza na kukitunza Kiswahili kwa ajili ya dhana ngumu. Si lazima ukubaliane nalo, lakini mtahini akikuuliza limetoka wapi, unamwonyesha jedwali kwa kidole.

Na mipaka ya utafiti ifuate uzi huohuo. Umeandika kwenye sura ya tatu kwamba muda na fedha vilikuwa kikwazo, kama kila mtu. Kikwazo cha maana ni kwamba mwalimu anayejua anarekodiwa, katika shule ambayo kanuni inataka Kiingereza, huenda alijitahidi kuongea Kiingereza kuliko siku zake zote. Maana yake idadi yako ya 214 inaelekea kuwa chini ya hali halisi. Liseme kwenye sura ya tatu, likumbushe kwenye mjadala, na kwenye hitimisho usiandike "walimu wa Tanzania". Ni walimu sita, vipindi kumi na viwili.

Kwa hiyo kazi yako ya kwanza wiki hii isiwe kwenye faili la tasnifu. Chukua karatasi moja kubwa uilaze, uchore safu sita: swali, data zinazolijibu, namna ulivyozichambua, kifungu cha sura ya nne, dhana ya sura ya pili inayolihusu, na sentensi moja ya hitimisho. Jaza kwanza bila kufungua tasnifu, kwa kumbukumbu tu, kisha uifungue na ulinganishe. Kwa swali la walimu, mstari wako utasomeka hivi: swali la sababu na ulinganifu wake, mahojiano sita pamoja na rekodi kumi na mbili, sababu zilizotajwa zimepangwa kwa dhamira na kulinganishwa na hesabu ya kazi zilizorekodiwa, kifungu kipya cha sura ya nne, ubadilishaji kama kawaida ya darasa, na ile sentensi ya kazi pana kuliko sababu inayotolewa. Chumba kikibaki kitupu, hapo ndipo uzi ulipokatika. Data ikibaki nje ya karatasi, basi haina swali: itafutie swali kama lilikuwepo kweli, la sivyo ipeleke kwenye viambatisho.

Karatasi ikitimia, anza kuandika upya kutoka kwenye maswali, kisha sura ya nne, ya tano, ya tatu, ya pili, na utangulizi baada ya hapo. Ikisiri iwe ya mwisho kabisa, na iwe na sentensi moja ya jibu kwa kila swali. Ikisiri yako ya sasa ina sentensi nne za usuli na moja ya matokeo. Ndiyo maana haikukuonyesha kasoro.

Nilisema nitarudi kwenye suala la kubadilisha swali. Katika utafiti wa kimaelezo kama wako, maswali hunolewa kadiri mtafiti anavyozielewa data zake, na hilo hukubalika mradi uliseme. Andika kwenye sura ya tatu, aya moja tu: pendekezo la awali lilikuwa na swali la ufaulu, vyombo vilivyotumika havikupima ufaulu, kwa hiyo swali likaondolewa, na swali la sababu za walimu, lililokuwa tayari kwenye mwongozo wa mahojiano, likaandikwa waziwazi. Kinachokatazwa ni kuandika kana kwamba ulijua tangu mwanzo. Kingekuwa kibaya zaidi kama tasnifu yako ingekuwa ya kiidadi yenye dhahania za kupimwa: kuona matokeo kwanza kisha kutunga dhahania inayolingana nayo na kudai uliitabiri ni kumdanganya msomaji, hata kama kila namba ni ya kweli.

Jina la tasnifu linaanza na "Athari za", nalo litabidi libadilike. Hilo si lako peke yako, kwa kuwa jina ndilo lililopitishwa na chuo na ndilo lililoko kwenye kibali chako. Mpelekee msimamizi ile karatasi ya safu sita kabla ya kumpelekea sura yoyote, na umuulize mapema utaratibu wa kubadili jina unachukua muda gani, maana huo hauendi kwa kasi yako.